Mvua ya masika, maji ya bamvua na barua ya saa 12 jioni: uchambuzi wa shutingi iliyoahirishwa Bagamoyo

Kisa chenyewe ni cha mfano, lakini kalenda, mwezi na bahari yake ni vya kweli. Filamu fupi inapigwa kwa siku tatu. Siku mbili za kwanza zimeshafanyika ndani ya nyumba, Dar es Salaam. Siku ya tatu, Jumatatu tarehe 14 Aprili 2025, ni ya ufukweni Bagamoyo: mzee na kijana wanasukuma ngalawa juu ya mchanga uliokupwa maji, na maneno yote muhimu ya filamu yanasemwa hapo. Kikosi kina watu 14. Kosta inatakiwa kuondoka Mwenge saa 11:00 alfajiri. Jumapili mchana utabiri unazidi kuwa mbaya, na ikifika saa 12 jioni meneja uzalishaji anakaa chini kuandika barua pepe ya kuomba radhi na kutoa tarehe mpya.

Barua nyingi za namna hii huharibika kabla hazijaandikwa. Mwandishi anakuwa hajaamua mambo matatu ambayo msomaji anayataka: kesho naenda au siendi, fedha yangu inakuwaje, na tarehe mpya ni ipi. Maneno ya upole hayajazi mapengo hayo. Kwa hiyo tuanze na maamuzi, barua itafuata.

Kwa nini siku ilivunjwa

Aprili ni kilele cha masika katika pwani ya kaskazini ya Tanzania, hivyo mvua peke yake si habari. Shutingi nyingi hufanyika masika kwa kubahatisha vipindi vya katikati ya manyunyu. Kilichovunja siku hii ni mambo mawili yaliyokutana.

La kwanza ni upepo na mawimbi. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa tahadhari zake kwa ngazi tatu, yaani angalizo, tahadhari na tahadhari kubwa, na kwa bahari huwa inataja upepo unaozidi kilomita 40 kwa saa na mawimbi yanayozidi mita 2. Katika kisa chetu Jumatatu imewekewa angalizo la aina hiyo pamoja na mvua kubwa. Ngalawa ya waigizaji haiendi mbali, lakini lazima ielee kwa dakika chache na waigizaji wawili ndani yake, na mmoja wao si mvuvi. Hapo hakuna mjadala tena. Mwenye ngalawa mwenyewe angekataa, na akikataa yeye, mwongozaji hana la kusema.

La pili ni radi. Ufukwe uliokupwa ni uwanja mtupu, na kikosi cha filamu husimamisha vyuma hapo: stendi za taa, miguu ya kamera, fimbo ya maikrofoni. Kanuni inayotumika ni kwamba ukiona umeme na ngurumo ikasikika kabla ya sekunde 30 kupita, kazi inasimama na watu wanaingia kwenye gari au jengo, na hawarudi mpaka zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho. Sini hii ina dirisha la saa nne tu za mchanga mkavu. Ngurumo mbili au tatu zilizoachana vizuri zinaweza kulimeza dirisha lote bila hata tone moja la mvua kuanguka kwenye kamera.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini wasihamishie siku ndani ya nyumba wakapiga sini nyingine. Hilo ndilo jambo la kwanza la kufikiria, na kikosi kilichojipanga huwa na siku ya ndani ya akiba. Hapa haikuwezekana kwa sababu sini zote za ndani zilishakwisha siku ya kwanza na ya pili. Ni kosa la mpangilio: sini za nje zilitakiwa kuwekwa mwanzo, ili za ndani zibaki kama kimbilio. Tutaliona tena kwenye radhi, maana ni sehemu ya kile ambacho uzalishaji unapaswa kukibeba.

Kwa nini saa 12 jioni

Kuna mvutano wa kawaida. Mwongozaji anataka kusubiri hadi alfajiri, pengine mawingu yatapasuka. Meneja anajua kwamba kila saa inayopita inaongeza gharama. Mwigizaji mzee anatoka Unguja na alipanga kuvuka kwa boti ya Jumapili alasiri. Mama lishe huenda sokoni usiku au alfajiri. Jenereta hupakiwa jioni. Dereva wa kosta akishaweka mafuta na kutoka nyumbani, siku yake imeshauzwa.

Tukiweka hesabu ya mfano: malipo ya siku ya kikosi kizima ni shilingi 1,260,000, na mkataba unasema siku ikivunjwa ndani ya saa 24 kila mtu analipwa nusu, ila akishafika kwenye kituo cha kuondokea analipwa yote. Kuvunja jioni kunagharimu 630,000. Kuvunja saa 11 alfajiri pale Mwenge kunagharimu 1,260,000 pamoja na kosta, chakula na nauli za watu waliotoka Mbagala kwa bodaboda usiku wa mvua. Kwa hiyo uamuzi wa jioni unaokoa nusu ya malipo. Ungefanyika Jumamosi jioni, ungeokoa zaidi, lakini Jumamosi utabiri ulikuwa bado unagawanyika, na kuvunja siku ambayo baadaye inakuwa ya jua kunauma vilevile. Saa 12 jioni ya siku iliyotangulia ni mahali pazuri pa kukata shauri, mradi saa hiyo iwe imetangazwa mapema ili watu wasikae wakichungulia simu usiku kucha.

Tarehe mpya inatoka baharini kwanza

Hapa ndipo barua nyingi za shutingi za pwani zinapokosea. Meneja anaangalia kalenda ya waigizaji, anaona Alhamisi wote wapo, anaandika Alhamisi. Bahari haijaulizwa.

Mwezi mpevu ulikuwa alfajiri ya Jumapili tarehe 13 Aprili. Siku za bamvua, yaani za maji makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, katika pwani ya Dar es Salaam, Bagamoyo na Zanzibar, maji hukupwa kabisa kati ya saa 4 na saa 5 asubuhi au muda mfupi baadaye, na kujaa mnamo saa 10 au 11 jioni. Ndiyo maana tarehe 14 ilichaguliwa tangu mwanzo: mchanga ungekuwa wazi kuanzia karibu saa 3 hadi saa 7, na kwa sehemu kubwa ya muda huo jua bado liko upande wa bahari, halijawa kichwani. Baada ya hapo, kila siku maji huchelewa, kwa wastani kama dakika 50, pungufu kidogo siku za bamvua na zaidi siku za maji mafu, yaani maji madogo ya robo ya mwezi.

Sasa zijaribu tarehe zinazovutia. Alhamisi tarehe 17: maji yatakupwa baada ya saa 6 mchana. Jua liko utosini, nyuso za waigizaji zina vivuli vyeusi chini ya nyusi, na kesho yake ni Ijumaa Kuu, kwa hiyo jioni hiyo magari yote yanahama mji. Jumatatu tarehe 21 inaonekana nzuri zaidi kwa kuwa ni wiki moja kamili baadaye, lakini ndiyo mbaya kuliko zote. Ni Jumatatu ya Pasaka, na mwezi uko robo ya mwisho: ni maji mafu. Saa 4 asubuhi, saa ileile iliyotakiwa kuwa ya mchanga mtupu, bahari imejaa. Hata yakija kukupwa alasiri, hayakupwi mbali, na ule uwanja mpana ulioandikwa kwenye skripti haupatikani. Kuahirisha kwa wiki moja, jambo la kawaida kabisa katika kazi za mjini, ufukweni kunakupeleka upande wa pili wa bahari.

Jibu linapatikana kwenye wiki mbili. Mwezi mwandamo ni usiku wa Jumapili tarehe 27 Aprili, hivyo Jumatatu tarehe 28 maji yanarudi karibu na saa zilezile za tarehe 14. Kuna tofauti moja ya kuandikwa pembeni: tarehe 13 mwezi ulikuwa mbali na dunia, tarehe 27 uko karibu. Bamvua ya mwisho wa mwezi itakupwa zaidi, jambo jema kwa picha, na itajaa zaidi, jambo baya kwa yeyote atakayeacha masanduku ya vifaa mahali palipokuwa pakavu asubuhi. Siku ya akiba ni Jumanne tarehe 29, maji yakikupwa kiasi cha dakika 40 baadaye. Jumatano tarehe 30 bado ingefaa kwa maji, ila imekaribia mno Mei Mosi. Zikishindikana zote mbili, dirisha linalofuata ni katikati ya Mei, kwani mwezi mpevu mwingine ni tarehe 12.

Makadirio haya ni ya kuchagulia tarehe tu. Saa ya kuandikwa kwenye ratiba itoke kwenye jedwali la maji la bandari ya Dar es Salaam au Zanzibar, kisha ithibitishwe na mvuvi wa palepale, kwa sababu jedwali halijui mteremko wa mchanga wenu.

Tarehe ikishapita mtihani wa bahari, ndipo inapelekwa kwa watu. Si wote 14 kwa mkupuo. Kuna wanne ambao bila wao siku haipo: waigizaji wawili walioonekana kwenye sini za ndani, mpiga picha, na mwenye ngalawa. Hawa wanapigiwa simu kabla ya barua kutoka. Wengine wanaweza kubadilishwa kwa shida, lakini wanaweza. Barua inayotangaza tarehe 28 halafu usiku ukajulikana kwamba kijana yuko Dodoma siku hiyo italazimika kufuatwa na barua nyingine, na kuanzia hapo hakuna anayeamini tarehe yoyote.

Barua isiyosaidia

Hii ndiyo inayotumwa mara nyingi:

> Mada: Samahani
>
> Habari zenu wapendwa. Kama mnavyoona, hali ya hewa si rafiki na sote ni mashahidi. Hili ni jambo lililo nje ya uwezo wetu, na tunaomba radhi kwa usumbufu wowote utakaojitokeza. Tunaangalia uwezekano wa kufanya shutingi wiki ijayo mambo yakikaa sawa. Ratiba mpya itatumwa. Tuendelee kuombeana.

Haina neno baya hata moja, na haina taarifa hata moja. Mada yake inasomeka kwenye kioo cha simu kama «Samahani», na mtu wa mavazi aliye katikati ya kupiga pasi anaiacha aisome baadaye. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba kesho hakuna safari. Fundi taa anayeishi Bunju, jirani na njia, anaweza kuisoma kama onyo na bado akatoka alfajiri. «Usumbufu wowote utakaojitokeza» unazungumza kana kwamba hasara haijatokea, wakati fundi sauti alikataa kazi ya harusi kwa ajili ya Jumatatu hii. Na «wiki ijayo» ni ileile Pasaka ya maji mafu.

Fedha haijatajwa kabisa. Ukimya wa fedha ndio unaowasha simu za usiku. Watu hawaulizi kwenye kundi, wanampigia msaidizi wa mwongozaji mmojammoja, naye anajibu kila mtu kwa kadiri anavyodhani. Kufikia saa 4 usiku kuna majibu matatu tofauti yanayozunguka.

Barua iliyotumwa

> Mada: SHUTINGI YA KESHO J3 14 APRILI IMEAHIRISHWA – USISAFIRI. Tarehe mpya J3 28 Aprili
>
> Ndugu zangu, habari za jioni.
>
> Shutingi ya kesho Bagamoyo haipo. Kosta haitaondoka Mwenge. Tafadhali msisafiri.
>
> Sababu: kuna angalizo la mvua kubwa, upepo mkali na mawimbi kwa kesho. Ngalawa haiwezi kuingia majini kwa usalama, na kuna uwezekano wa radi ufukweni.
>
> Tarehe mpya ni Jumatatu 28 Aprili 2025. Kuondoka Mwenge saa 11:00 alfajiri (05:00). Siku ya akiba ni Jumanne 29 Aprili, muda uleule. Hatukuchagua wiki ijayo kwa sababu saa 4 asubuhi bahari itakuwa imejaa, na Jumatatu hiyo ni Pasaka. Waigizaji wote wawili, mpiga picha na mwenye ngalawa wameshathibitisha tarehe 28 na 29.
>
> Malipo: kila mmoja atapokea nusu ya malipo yake ya siku kwa siku ya kesho, kwa simu, kabla ya Jumatano 16 Aprili saa 10:00 jioni (16:00). Hii si advansi. Tarehe 28 mtalipwa siku nzima kama kawaida. Aliyekwisha kulipa nauli au tiketi ya boti anitumie picha ya risiti kabla ya Jumanne jioni, nitarudisha pamoja na malipo hayo.
>
> Siku ya akiba: mpaka Jumapili 27 Aprili saa 12:00 jioni, tarehe 29 ni yenu. Ukipata kazi nyingine siku hiyo, ichukue, ila nijulishe mara moja.
>
> Naomba radhi kwa mambo mawili. Mnaipata taarifa hii jioni, wakati wengine mmeshafungasha na wengine mlikataa kazi kwa ajili ya kesho. Pia tungeweka sini za ufukweni siku ya kwanza, leo tungekuwa na sini za ndani za kufanya badala ya kuvunja siku. Huo ulikuwa mpangilio wangu.
>
> Ninachoomba kwenu: jibuni barua hii kabla ya Jumanne 15 Aprili saa 6:00 mchana (12:00) kwa neno moja: ZOTE (nipo 28 na 29), 28 (nipo 28 tu), au SIPO. Waigizaji, tafadhali msinyoe ndevu wala kukata nywele mpaka tumalize. Mavazi ya sini ya ngalawa yabaki kwa mtu wa mavazi bila kufuliwa.
>
> Ratiba ya zamani ya siku ya tatu ifuteni. Mpya itakuja Ijumaa 25 Aprili, jina lake ni Ratiba_Siku3_28Aprili_toleo2.
>
> Hali ya hewa ya tarehe 28 hatuwezi kuiahidi, bado ni masika. Uamuzi wa mwisho utatoka Jumapili 27 Aprili saa 12:00 jioni (18:00), iwe tunakwenda au hatuendi.
>
> Asanteni kwa uvumilivu.
>
> Meneja uzalishaji

Kilichofanya kazi ndani yake

Mada imebeba barua nzima. Hata asiyeifungua ameshajua asisafiri. Herufi kubwa zimewekwa pale tu ambapo mtu akikosa kusoma atapata hasara.

Saa zimeandikwa mara mbili. Ratiba za filamu hutumia saa 24, watu huongea saa za Kiswahili, na mchanganyiko huo una uwezo wa kumleta mtu saa sita mapema au saa sita baadaye. «Saa 11:00» peke yake kwenye barua inayosomwa na mpiga picha aliyezoea ratiba za wageni ni hatari ya wazi. Tarehe pia zinakwenda na jina la siku, ili kosa la kidole likitokea, kimoja kikisahihishe kingine.

Sababu imepewa mistari miwili tu. Kikosi hakihitaji ripoti ya hali ya hewa, kinahitaji kujua kwamba uamuzi una msingi. Lakini sababu ya kutochagua wiki ijayo imetajwa, kwa sababu lile ndilo swali ambalo kila mtu angeliuliza, na jibu lake halionekani kwa asiyefuatilia bahari.

Sentensi «hii si advansi» ina maneno matatu na inaokoa ugomvi wa tarehe 28. Bila hiyo, nusu ya watu watadhani wameshalipwa nusu ya siku mpya, na mhasibu pia anaweza kudhani hivyo. Tofauti ni shilingi 630,000, ama kwenye bajeti ama mifukoni mwa watu. Mwandishi wa barua lazima awe amekubaliana na mwenye fedha kabla ya kubonyeza kutuma. Radhi yenye ahadi ya fedha ambayo haijaidhinishwa inageuka deni la mtu binafsi.

Suala la siku ya akiba huwa linakwepwa. Uzalishaji hupenda kusema «mjiweke wazi tarehe 29» bila kulipa, na mafundi husema «sawa» huku wakichukua kazi nyingine kimyakimya. Hapa barua imesema waziwazi kwamba siku hiyo ni yao: hatulipi, kwa hiyo hatuwafungi. Anayetaka kuwafunga watu siku ya akiba alipe sehemu ya siku hiyo. Hakuna njia ya tatu inayodumu.

Na radhi yenyewe. Haikuomba msamaha kwa ajili ya mvua, maana mvua haina mwenyewe. Imeomba kwa kuchelewa kwa taarifa na kwa mpangilio wa sini, yaani vitu ambavyo mtu mmoja ofisini aliviamua. Imekaa baada ya fedha na tarehe, si kabla. Wapo watakaoona huo ni ukavu, kwamba kwetu mtu huanza kwa salamu ndefu na pole. Salamu ipo, mstari mmoja. Lakini aliyekwisha kutandika mizigo sebuleni hupoa haraka akijua analipwa lini kuliko akipewa pole mara tatu, na radhi iliyotangulia hasara bila kuitaja husomeka kama maandalizi ya kutolipa.

Baada ya kutuma

Barua pepe ni kumbukumbu, haitoshi kuwazuia watu. Jumapili jioni wengi hawafungui barua. Baada ya kutuma, mstari wa kwanza na wa tarehe unanakiliwa kwenye kundi la wasapu, kisha simu zinaanza, kwa mpangilio wa anayeondoka mapema zaidi: dereva wa kosta, mwenye jenereta, mama lishe. Hawa watatu hawamo hata kwenye orodha ya barua pepe. Ni kawaida ya uzalishaji mdogo kumsahau mama lishe, na ndiye pekee ambaye hasara yake inaoza. Ikiwa ameshanunua samaki, wanalipwa jioni ileile.

Anayepokea simu anatakiwa ajibu kwa maneno. Tiki mbili za buluu zinaonyesha ujumbe umefunguliwa, hazionyeshi kwamba aliyeufungua ndiye mwenye simu. Mtoto anaweza kuwa anachezea. Kwenye orodha ya watu 14 kila jina linawekewa alama: amejibu, amepigiwa, hapatikani. Mtu asiyepatikana hadi saa 3 usiku anatafutwa kupitia jirani yake wa kazi. Akikosekana kabisa, mmoja wa uzalishaji anakwenda Mwenge alfajiri kumpokea, na huyo aliyefika analipwa siku nzima, kwa mujibu wa mkataba uleule.

Asubuhi ya Jumatatu inabaki kazi ya karatasi. Kibali cha Bodi ya Filamu na ruhusa ya serikali ya mtaa wa Bagamoyo vina tarehe ndani yake. Vyote vinapelekewa tarehe mpya kwa maandishi. Uongozi wa wavuvi wa pale unaarifiwa pia, na unaulizwa kama tarehe 28 kuna shughuli yoyote ufukweni, kwa sababu bamvua ambayo filamu inaitaka wavuvi na wachokoaji wa pwani wanaitaka vilevile, na mchanga huo si wa kikosi peke yake. Mwenye kamera anaombwa kuhamisha siku badala ya kutoza mpya. Wengi hukubali wakiambiwa jioni, na wachache sana wakiambiwa asubuhi kamera ikiwa imeshatolewa stoo.

Majibu ya barua nayo yana mtego wake. Mtu akijibu «SIPO» kwa wote, wengine watatu walio na mashaka watamfuata. Kwa hiyo anwani za kikosi zinawekwa kwenye sehemu iliyofichwa, kila jibu linarudi kwa meneja peke yake, na namba za simu za watu hazisambazwi bila idhini yao. Ikifika Jumanne saa 6 mchana, walio kimya wanapigiwa. Kimya hakihesabiwi kuwa ndiyo.

Jumapili tarehe 27, saa 12 jioni, ujumbe wa pili unatoka kama ulivyoahidiwa, hata kama anga ni safi na kila mtu anajua safari ipo. Ukiwa wa kwenda, ni mstari mmoja: «Tunakwenda. Mwenge saa 11:00 alfajiri (05:00). Masanduku yote yapandishwe juu ya mstari wa majani kabla ya saa 8 mchana.» Ukiwa wa kuvunja tena, tarehe 29 inachukua nafasi, wale waliojibu «28» wanatafutiwa mbadala usiku huohuo, na nusu malipo ya tarehe 28 inaingia kwenye bajeti kama ilivyoingia ya tarehe 14.